Watu 412 wamefungua ukurasa wa kozi yangu ya kuku, waliolipa ni 3. Tatizo ni kichwa?

#1 Banda la Mbezi

Wakuu, salaam. Nafuga kuku mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita nimemaliza kurekodi kozi ya video kwa mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku mmoja. Masomo ni 12, bei ni 25,000, unalipia kwa simu. Nimetengeneza ukurasa wa kuuzia na juu kabisa nimeandika hivi:

*JIFUNZE UFUGAJI WA KUKU WA KISASA MTANDAONI*

Na chini yake, kwa herufi ndogo:

*Kozi kamili itakayokupa maarifa yote unayohitaji ili uwe mfugaji mwenye mafanikio na kujiongezea kipato.*

Nimeweka tangazo la kulipia la 50,000. Kwa siku tisa watu 412 wamefungua ukurasa. Waliolipa ni watatu, mmoja ni binamu yangu. Wengi wanaondoka bila hata kushuka chini kuona masomo yaliyomo. Ndiyo maana nahisi shida iko pale juu, kwenye hicho kichwa na maelezo yake.

Kwa taarifa tu: masomo saba ya kwanza ni kulea vifaranga wiki nne za mwanzo. Yaliyobaki ni banda, kutunza kumbukumbu na kuuza. Naombeni mawazo kuhusu kichwa na hayo maelezo ya chini yake tu, mengine nitashughulika nayo baadaye.

#2 Kijana Mtafutaji

Mkuu, hapo hujaweka hela. Watu hawataki kuku, wanataka hela. Andika "Ingiza milioni 1 kwa mwezi ukiwa na kuku 100 tu". Utanishukuru.

#3 Mlipa Bando

Tatizo ni bei, sio kichwa. Video za bure zimejaa, nani atoe elfu 25?

#4 Mama Wawili

Habari zenu. Mimi vifaranga wangu wanakufa kufa tangu siku ya tatu. Nilileta 60, leo wamebaki 41. Wamejikunyata tu, mabawa yamelegea, wanalia usiku kucha. Nimewawekea taa moja kwenye boksi. Nimeuliza duka la dawa wamenipa ya kuharisha lakini bado. Shida ni nini wapendwa? Na hiyo kozi inaanza lini?

#5 Mwalimu wa Lindi

Banda la Mbezi, mimi nafundisha Kiswahili, kwa hiyo naanza na lugha. "Ufugaji wa kuku wa kisasa". Hilo neno *kisasa* limekaa karibu na kuku, na kwetu kuku wa kisasa ni wale wa nyama na wa mayai wanaonunuliwa kwa kampuni. Mtu mwenye kuku wa kienyeji, au anayetaka kuanza na chotara, akisoma hapo anajua hajaitwa. Nadhani ulitaka kusema "ufugaji wa kisasa wa kuku". Neno likihama mahali, wasomaji nao wanahama.

#6 Fundi Maneno

Hoja ya Mwalimu ni nzito, usiipite. Lakini hata ukilihamisha hilo neno, kichwa bado hakisemi kitu.

Ninaandika matangazo ya biashara ndogondogo, ndiyo kazi yangu. Jaribio ninalotumia ni jepesi: soma maelezo yako ya chini ukiwaza "nyuki" au "ushonaji" badala ya "kuku". "Kozi kamili itakayokupa maarifa yote unayohitaji ili uwe mfugaji mwenye mafanikio." Inasomeka vizuri kwa nyuki, na ukibadili neno moja tu inasomeka kwa cherehani. Sentensi inayomfaa kila mtu haimshtui yeyote anapopitisha kidole kwenye simu.

Sasa soma bandiko namba 4. Huyo mama hakuelewa uzi unahusu nini, na ndiye aliyekupa maneno yako. Hajasema "nahitaji maarifa". Amesema *vifaranga wangu wanakufa kufa tangu siku ya tatu*. Ingia kwenye WhatsApp yako, kusanya jumbe 30 za watu waliowahi kukuuliza kuhusu kuku, uone wanaanza na neno gani. Kichwa chako kimo humo.

#7 Dokta wa Banda

Kabla ya vichwa, nimjibu Mama Wawili maana ya kwake haisubiri.

Mama, chukua vifaranga kama watano, gusisha miguu yao shavuni kwako. Miguu ikiwa ya baridi, kinachowasumbua ni joto, na dawa ya kuharisha haitasaidia. Kujikunyata na kulia usiku ni dalili ya hilo hilo. Wiki ya kwanza wanataka kama nyuzi 32 hadi 34 pale wanapolala, na taa moja kwenye boksi kwa 60 haifikishi, hasa ikiwa ni zile za kisasa zisizotoa joto. Tafuta jiko la mkaa lililofunikwa na chungu au balbu ya joto, lakini ukitumia mkaa acha hewa ipite. Wakisambaa kote wanakula, umepatia. Wakilundikana chini ya joto, bado baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema kwa midomo wazi, umezidisha.

Halafu wageuze uwaangalie kitovu. Ukikuta kibichi, tumbo limevimba na lina harufu, hao waliugua tangu kwenye mashine ya kutotoleshea, na hapo hukukosea wewe.

#8 Mama Wawili

Miguu ni ya baridi dokta. Taa ni ile nyeupe ya kuokoa umeme. Asante, nimemtuma mtoto mkaa.

#9 Hesabu za Mfuko

Namrudia Kijana Mtafutaji wa namba 2, kwa heshima tu. Mwaka jana nilifuga kuku wa nyama 100, daftari ninalo. Vifaranga 180,000. Chakula mifuko 7 ya kilo 50, kwa bei niliyonunulia ni 546,000. Maranda, mkaa, chanjo na glukosi 70,000. Jumla 796,000. Walikufa sita, nikauza 94 kwa 9,500, nikapata 893,000. Faida ni 97,000 kwa wiki sita, na sijajilipa hata siku moja ya kuamka usiku.

Kwa faida hiyo, ili ufike milioni kwa mwezi unahitaji kuku zaidi ya 1,400 kila mzunguko. Ukimwambia mtu ni 100, akishafuga atarudi kwako na daftari kama hili.

#10 Kijana Mtafutaji

Wewe uliuza kwa mchuuzi. Ukiuza moja kwa moja hotelini bei inapanda. Na wa mayai je?

#11 Hesabu za Mfuko

Sawa, weka hata 12,000 kwa kila kuku. Inakuwa 1,128,000, faida 332,000. Bado ni mbali na milioni. Wa mayai ndiyo kabisa usimpe mtu anayeanza kwa kichwa cha hela: unamlisha karibu miezi mitano kabla hujaona trei ya kwanza.

#12 Bibi Afya ya Familia

Na hata kama hesabu ingekubali, hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kwenye matangazo. Mitandao nayo huyakataa matangazo yanayoahidi utajiri wa haraka, kwa hiyo unaweza usipate hata hao 412.

#13 Kijana Mtafutaji

Basi niseme nusu yangu iliyo sahihi: mtu anataka kujua atapata nini. "Maarifa" si kitu cha kushika mkononi. Hapo mtanikubalia.

#14 Fundi Maneno

Hapo nakukubalia kabisa. Kosa lako ni kiasi tu, na kwamba uliahidi kitu ambacho mwenye kozi hana mamlaka nacho. Bei ya sokoni si yake, bei ya chakula si yake.

Banda la Mbezi, mimi ningeenda hivi:

*Usipoteze tena vifaranga wako*
*Ona kwa video jinsi ya kuwalea kutoka siku ya kwanza hadi wiki ya nne bila kufa hata mmoja.*

#15 Dokta wa Banda

Fundi, kichwa kinashika lakini hayo ya chini siwezi kuyaacha. "Bila kufa hata mmoja" hakuna mfugaji anayeweza kuyasaini. Hata kwenye banda linaloendeshwa vizuri, ukileta 50 kupoteza mmoja au wawili si ajabu. Nimetaja hapo juu kitovu kibovu. Kuna na safari: vifaranga waliopigwa na upepo kwenye pikipiki kwa muda wa saa nne wanafika wamechoka, unawapokea vizuri, bado wengine wanaondoka.

Na kuhusu hiyo siku ya tatu ya Mama Wawili, watu wengi huitafutia ugonjwa. Kifaranga huanguliwa na kiini cha yai kimebaki tumboni, kinamlisha kama siku mbili tatu. Aliyefika baridi hali, anajikunyata, lakini siku ya kwanza na ya pili anaonekana mzima kwa sababu ya kile kiini. Kikiisha, anakufa. Mfugaji anasema "walikuwa wazima jana, wamepata ugonjwa". Kosa lilifanyika usiku wa kwanza. Ndiyo maana nawaambia watu wapapase gole, kile kifuko cha chakula shingoni, usiku ule ule: likiwa limejaa laini, amekula na kunywa. Likiwa tupu, mpeleke kwenye maji na chakula mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kozi anaweza kuahidi kwamba mwanafunzi atajua kuandaa joto, kupapasa gole, kuchanja kwa siku yake. Kuishi kwa kifaranga hawezi kukuahidia.

#16 Banda la Mbezi

Dokta, hilo la gole liko kwenye somo langu la tatu, lakini sababu ya siku ya tatu sikuieleza vizuri hivyo. Nitarudia kurekodi.

Nimefanya zoezi la Fundi. Nimepitia jumbe zangu 34 za zamani. Kumi na tisa zimetaja vifaranga kufa au kuzubaa. Sita zinauliza nianze na kuku wangapi. Tano zinauliza vifaranga wazuri wanapatikana wapi. Mbili dawa. Mbili tu ndizo zimetaja faida. Nilishangaa.

#17 Kijana Mtafutaji

Waliokuandikia ni wenye kuku tayari. Wenye ndoto ya hela hawakuandikii wewe, wanafungua tangazo. Usichanganye.

#18 Shangazi wa Moshi

Huyu kijana amegusa jambo ambalo mnalipita. Mwenye vifaranga wanaokufa leo hanunui kozi. Anataka jibu usiku huu, kama mama wa namba 4 alivyolipata bure hapa hapa kwa dokta. Anayeweza kununua kozi ni yule ambaye bado hajaleta vifaranga, ana hela ya mtaji kidogo, banda amejenga nusu, na anaogopa. Niliwahi kuwa huyo. Niliahirisha miezi minne kwa woga tu.

"Usipoteze *tena*" inamwacha nje. Yeye hajapoteza kitu bado.

#19 Fundi Maneno

Shangazi, umenirudisha darasani. Kweli kabisa, ile "tena" nimeiandika kwa ajili ya Mama Wawili, na mnunuzi si yeye. Kozi imesema ni ya wanaoanza.

Basi saa ya msomaji wetu ni *kabla hawajafika*. Nijaribu upya:

*Andaa kila kitu kabla vifaranga wako 50 wa kwanza hawajafika*

Hamsini nimeiweka kwa makusudi. Inamwambia hahitaji kuanza na mia tano, na inajibu zile jumbe sita za "nianze na wangapi". Kichwa kimebeba nani na lini. Maelezo ya chini yabebe namna gani, muda gani, na kizuizi kimoja kinachomfanya asite.

#20 Mvuvi wa Sirari

Mimi kwa kusoma tu hicho kichwa ningedhani ni vifaranga wa samaki. Huku kwetu ukisema vifaranga, nusu ya watu wanawaza bwawa la sato.

#21 Mwalimu wa Lindi

😀 Mvuvi amenena. Kichwa kikisafiri peke yake kwenye WhatsApp bila picha, "vifaranga" haitoshi. *Vifaranga 50 wa kuku: andaa kila kitu kabla hawajafika.* Maneno tisa, na kuku ametajwa kabla ya nukta mbili.

#22 Mkenya wa Kitale

Sisi huku tunawafuata tu kimya kimya. Niongeze moja: msitaje jina la ugonjwa hapo juu. Ninyi mnasema kideri, wengine mdondo, huku ni Nyukaso. Nikiona "kideri" kwenye kichwa najua kozi si yangu. Chanjo inatosha, kila mtu anaijua.

Pia huku wengi tunafuga kienyeji walioboreshwa. Je, kozi inatufaa ama ni ya broila?

#23 Banda la Mbezi

Ndugu wa Kitale, wiki nne za kwanza joto na maji ni yale yale kwa wote, kinachotofautiana ni chakula na baadhi ya chanjo. Somo la sita linawatenganisha.

Nimeandika maelezo ya chini, naomba myachambue:

*Kozi ya video 12 inayokufundisha joto, maji, chakula na chanjo zote za vifaranga hadi wiki ya nne, hata kama hujawahi kufuga.*

#24 Dokta wa Banda

"Chanjo zote" iondoe. Ndani ya wiki nne utachanja kideri mwishoni mwa wiki ya kwanza na kurudia kama wiki ya tatu, na Gumboro mara mbili katikati, kwa ratiba ya wanaokuuzia vifaranga. Ndui inakuja baadaye, wiki ya sita hadi ya nane, kwa wa mayai na kienyeji. Na kideri hairudiwi mara moja ukasahau: ile ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu. Mtu akisoma "zote" akaacha baada ya mwezi, mwezi wa tano anazika banda zima na jina lako liko kwenye simu yake. Andika "chanjo za wiki nne za kwanza".

#25 Mlipa Bando

Nimesema ni bei mkanipita. Sawa, tuseme sio bei. Mimi nikiona "video 12" najiuliza MB ngapi. Kozi moja niliyowahi kununua video ilikuwa dakika 40, inakata kila mara. Nikala bando la wiki kwa somo moja, nikaiacha. Bei ya kozi ni 25,000 lakini ukweli wake ni 25,000 na bando.

#26 Shangazi wa Moshi

Hicho ndicho kile kizuizi Fundi alichokisema kwenye namba 19. Banda la Mbezi, video zako ni ndefu kiasi gani?

#27 Banda la Mbezi

Ndefu kuliko zote ni dakika 6. Na nimezibana, zinapakuliwa mara moja unaziangalia bila mtandao. Sikuwahi kufikiria kuandika hilo pale juu! Lipo chini kabisa karibu na kitufe cha kulipia.

#28 Fundi Maneno

Lipandishe leo. Na kitu kingine: ukibadilisha ukurasa, badilisha na kile kinachoonekana linki ikitumwa WhatsApp, maana watu wengi watasoma pale na wasifungue. Maneno hayo yanakaa kwenye sehemu ya head ya msimbo wa ukurasa:

```html
<meta property="og:title" content="Vifaranga 50 wa kuku: andaa kila kitu kabla hawajafika">
<meta property="og:description" content="Video 12 fupi kwa anayeanza. Pakua mara moja, tazama bila bando.">
```

Ukituma linki ukaona bado linatoka la zamani, usidhani umekosea. WhatsApp huwa inalikumbuka lile la kwanza. Ongeza `?v=2` mwishoni mwa linki ulitume upya. Na kichwa chako cha ukurasani kifungue kwenye simu ndogo: kikizidi mistari mitatu, maelezo ya chini yatashuka chini ya kioo na hakuna atakayeyaona.

#29 Bibi Afya ya Familia

Neno "kozi" nalo mlipime. Mimi nikilisikia nauliza cheti kipo? Mpwa wangu alilipia kozi fulani ya mtandaoni akategemea cheti cha kuombea mkopo wa kikundi, hakukuwa na cheti.

#30 Mwalimu wa Lindi

"Mafunzo" yangefaa zaidi.

#31 Kijana Mtafutaji

"Mafunzo" inasikika kama semina ya bure yenye soda. Kozi ndiyo inalipiwa.

#32 Banda la Mbezi

Cheti sina, kwa hiyo nimeacha maneno yote mawili nimeandika "video 12" tu. Ndiyo imekaa hivi sasa:

*Vifaranga 50 wa kuku: andaa kila kitu kabla hawajafika*

*Video 12 fupi kwa asiyewahi kufuga: joto, maji, chakula na chanjo za wiki nne za kwanza. Hakuna inayozidi dakika 6, unapakua mara moja na kutazama bila bando.*

Nimerudisha tangazo lile lile, 50,000 ile ile. Nitaleta majibu.

#33 Mama Wawili

Samahani kuingilia. Tangu jiko liwashwe amekufa mmoja tu. Wamebaki 40. Usiku wa jana hawakulia.

#34 Dokta wa Banda

Mama, vizuri. Ushushe joto kidogo kidogo kila wiki, kama nyuzi tatu, usiwazoeze ghafla. Na maji ya kunywa yawe vuguvugu asubuhi. Ukianza chanjo ya kwenye maji, tumia maji yasiyo na dawa ya bomba na uwanyime maji kama saa mbili kabla ili wote wanywe kwa pamoja.

#35 Banda la Mbezi

Nimerudi baada ya siku tisa. Waliofungua ukurasa ni 390. Waliolipa ni 7, na hakuna ndugu yangu hata mmoja. Watano kati ya hao nimewapigia kuuliza kilichowafanya walipe. Watatu wametaja bando. Mmoja amesema "hamsini". Mmoja amesema aliona tu picha ya jiko na chungu, akakumbuka kwa bibi yake.

#36 Fundi Maneno

Umeona. Maneno yamefanya kazi.

#37 Hesabu za Mfuko

Taratibu Fundi. Kutoka 3 kwa 412 hadi 7 kwa 390, tofauti ni watu wanne. Wanne hao wanaweza kuletwa na maneno, na wanaweza kuletwa na bahati. Tena angalia tarehe: raundi ya kwanza ilianguka katikati ya mwezi, hii ya pili imekula tarehe 25 hadi mshahara kuingia. Ulipaswa kuweka vichwa viwili kwa siku zile zile, linki mbili, kila kimoja nusu ya tangazo, na uache mpaka upate walipaji kama 30 kwa jumla ndipo useme kitu.

#38 Shangazi wa Moshi

Lakini waliopigiwa simu wamesema bando, Hesabu. Hiyo nayo ni hesabu.

#39 Hesabu za Mfuko

Ni watatu, Shangazi. Na mtu ukimuuliza kwa nini amenunua atakupa sababu ya kwanza iliyomjia. Sikatai, nasema bado.

#40 Mlipa Bando

Mimi ni mmoja wa wale saba. Na bado nasema bei ni kubwa.

#41 Mkenya wa Kitale

Huku kwetu tunalipaje? Hiyo namba ya malipo ni ya Tanzania tu.

#42 Kijana Mtafutaji

Banda la Mbezi, kwenye hiyo raundi ya linki mbili, hebu moja iweke "Jua gharama halisi za vifaranga 50 kabla hujatoa mtaji". Si ya kudanganya, hela imo, na daftari la Hesabu lipo la kuonyesha. Mimi hiyo ningeifungua.

#43 Banda la Mbezi

Kijana, hiyo naijaribu. Somo la kumi na moja ni gharama tupu, kwa hiyo sitakuwa nimedanganya. Hesabu, naomba ruhusa ya kutumia zile namba zako za namba 9 bila jina. Ndugu wa Kitale, nipe siku mbili niulize jinsi ya kupokea kutoka huko.